Vipele vya kuzunguka mdomo na kidevu: jinsi ya kuacha krimu na kuvuka zile wiki mbili mbaya

Naandika hii mara moja tu manake nimechoka kuirudia, kila wiki lazima mtu anitumie picha ya kidevu. Mi nasimama kwenye duka la dawa huku Lamu, upande wa Langoni, na swali huwa ni lile lile hata maneno hayabadiliki: "Dada, nipe krimu ya hivi vipele, ile ya mwanzo ilinisaidia sana lakini vimerudi." Sasa sikiza. Hiyo sentensi yenyewe ndo ugonjwa. Krimu iliyosaidia halafu vikarudi, ukapaka tena vikatulia, ukaacha vikarudi vingi zaidi, nusu ya kazi ya kujua una nini ushaimaliza.

Jina lake la hospitali ni perioro dematitisi, maana yake ni uvimbe wa ngozi kuzunguka mdomo. Hauambukizi na hautokani na uchafu, na si kwamba mtu amekuonea kijicho kabla ya harusi, ingawa hiyo nayo nishaambiwa. Kinachouwasha mara nyingi kuliko vyote ni krimu ya steroidi, yaani ile dawa ya kuzima uvimbe wa ngozi, iliyopakwa usoni, na dawa yake ya kwanza ni kuacha. Shida ni kwamba ukiacha, uso unaharibika kwanza kabla haujapona, na hapo ndo watu wanaponirudia wakilia. Mwongozo huu karibu wote ni juu ya hapo.

Kwanza hakikisha ni hivi

Nenda kwenye mwanga wa dirishani, ushike kioo. Vipele ni vidogo vidogo, kama kichwa cha pini, vimekaa kwa mafungu kwenye kidevu, pembeni mwa mdomo na kwenye ule mkunjo unaoshuka kutoka puani. Vingine vina usaha kidogo kwa juu. Ngozi inakuwa na magamba laini, na unahisi kuchoma au kuvutwa zaidi ya kuwashwa. Alama kubwa kabisa ni hii: pale mdomo unapokutana na ngozi panabaki kijistari safi kisicho na kipele, kama mtu amechora mpaka. Kwa wengine vipele vinatoka pia kuzunguka macho.

Kwa watu weupe vinakuwa vyekundu kweli. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone, utaona rangi ya kahawia iliyokolea au ya zambarau, kwa hivo usiseme "si mwekundu, sio huo".

Kama kuna vichwa vyeusi na vyeupe vilivyoziba vitundu, hasa kama viko na mashavuni na kwenye paji, hiyo ni chunusi. Kama ni duara lenye kingo zilizoinuka na katikati pasafi, fikiria choa. Maganda ya rangi ya asali yanayolowa, hayo ni maambukizi ya bakteria, nenda ukaonwe. Malengelenge yenye maji yaliyojikusanya sehemu moja na yanauma, hayo nayo ni mengine. Na kama ni pembe za mdomo tu zimepasuka, si hii.

Vitu vya kutayarisha kabla hujaanza

Mfuko wa plastiki wa kutia kila unachopaka usoni. Simu ya kupigia picha. Kitambaa cha pamba laini, kipande cha leso kuukuu ndo kizuri zaidi manake kimeshalainika. Maji matamu ya kuoshea uso, nasema matamu kwa sababu visima vyetu vingi vina chumvi na maji ya chumvi kwenye ngozi iliyochubuka ni kujitesa. Mswaki, ule wa mti. Na kalenda ya ukutani au hata karatasi, uandike tarehe.

Pia angalia mbele kwenye hiyo kalenda. Kama kuna harusi ndani ya wiki tatu zijazo na wewe ndo bibi harusi, zungumza na daktari kwanza kabla hujaacha chochote. Kama ni harusi ya mtu mwengine, anza tu leo, utaenda na uso wako ulivyo.

Hatua

1. Kusanya kila kitu na usome lebo.

Kila kitu, si ile krimu unayoishuku peke yake. Losheni, mafuta, faundesheni, ya kung'arisha, ya fangasi, ya mtoto, tia mfukoni halafu soma tyubu moja moja ile orodha ya maandishi madogo. Unatafuta jina lenye mwisho wa "soni" au "oloni", au linaloanza na "klobe", ambalo kwenye tyubu litaandikwa kwa herufi C-L-O-B-E. Yale yanayopita sana mikononi mwangu ni betamethasoni, klobetasoli, beklometasoni, mometasoni, triamsinoloni na haidrokotisoni. Zote hizo ni steroidi. Klobetasoli ndo kali kuliko zote hapo, haidrokotisoni ndo pole, lakini hata hiyo ya pole ikikaa usoni miezi inaweza kuleta vipele hivi.

Hapa watu wanadanganyika na krimu za mchanganyiko. Tyubu imeandikwa kwa juu ni ya fangasi, ndani kuna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi zote kwa pamoja. Mtu anakwambia "mi situmii steroidi, natumia ya fangasi tu", kumbe anaipaka asubuhi na jioni. Na mi siwezi kujitoa, miaka ya mwanzo niliziuza sana hizo, mtu anakuja na kipele chochote unampa, kinatulia, anarudi kukushukuru, nawe unajiona daktari.

Krimu ya kung'arisha isiyo na lebo, au iliyopimwa kwenye kikopo na mtu akakwambia ni mchanganyiko wake mwenyewe, ihesabu kuwa ina steroidi. Usimtafutie udhuru.

2. Jiulize maswali mawili ya usalama kabla hujaacha.

La kwanza: je, unapaka steroidi mwili mzima kwa miezi, kama wale wanaojing'arisha mikono, miguu, mgongo? Basi usiache ghafla peke yako. Dawa nyingi hivo huingia kwenye damu, na mwili unakuwa umelala, hautengenezi tena steroidi yake ya asili ya kutosha, ukiikata kwa siku moja unaweza kulegea, kutapika, kuona kizunguzungu mpaka ukaanguka. Nenda hospitali wakupangie.

La pili: je, wewe ni mtu wa pumu na unavuta dawa ya pampu, au unapuliza dawa puani? Hizo nazo nyingi ni steroidi na zinaweza kuchangia vipele. Lakini PAMPU YA PUMU USIIACHE. Kipele hakiui, pumu inaua. Unachofanya ni kusukutua mdomo na kuosha pua na kidevu kila ukimaliza kuvuta, na kama unatumia barakoa ya kuvutia basi ifutwe iwe safi.

3. Acha yote siku moja, andika tarehe, piga picha.

Kama krimu ilikuwa ya usoni tu na ni eneo dogo, unaacha. Watu wanaacha steroidi wanabakisha mafuta, au wanaacha mafuta wanabakisha faundesheni "kidogo tu ya kufunika". Hapana, yote. Mafuta mazito, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, krimu nzito, mekapu, vyote hivo vinafunika ngozi na kuilowesha, na ngozi hii haitaki kufunikwa. Singo na liwa pia, najua, najua, lakini usoni acha, mwilini endelea na mambo yako.

Kama ulikuwa unapaka iliyo kali kama klobetasoli kwa miezi, daktari anaweza kukushusha kwa ngazi, akupe haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa muda mfupi halafu ndo uache kabisa, ili kile kishindo kipungue. Hiyo ni ya daktari na ina tarehe ya mwisho. Ukijishusha mwenyewe bila tarehe utajikuta Ramadhani ijayo bado unashuka.

Picha piga pale pale dirishani, saa ile ile, mara moja kila baada ya siku tatu. Si kila siku, ukipiga kila siku utajitia wazimu.

4. Tyubu itoke nyumbani.

Hii ndo hatua ambayo watu wanaiona ya kijinga, na mi ndo naiona kubwa. Usiifiche kabatini. Mpe mtu, au ilete dukani, au itupe. Siku ya nane saa nne usiku, uso unawaka na kesho una shughuli, hutakuwa na akili uliyo nayo sasa.

Na kama kuna mtoto nyumbani ana ukurutu na ameandikiwa krimu ya steroidi kihalali, mpake, ni dawa yake. Ila ukimaliza osha mikono kwa sabuni mpaka kucha. Nishaona mama ambaye hakupaka chochote usoni, alikuwa anampaka mwanawe kisha anashika kidevu.

5. Osha kwa maji matupu.

Asubuhi na jioni, maji matamu ya uvuguvugu au ya baridi ya mtungini, kwa mkono, bila dodoki na bila sabuni. Jikaushe kwa kugusagusa. Basi, hakuna kingine unachotia. Ukisikia kuchoma, lowesha kile kitambaa cha leso kwenye maji baridi, kamua, weka kidevuni dakika kumi. Rudia ukitaka.

Meno usipige na dawa ya povu jingi yenye mnanaa mkali au mdalasini kwa hizi wiki, manake povu linashuka kidevuni na kuna watu linawachokoza. Floraidi nayo imetajwa miaka mingi, ushahidi wake si mzito ila kujaribu hakugharimu. Tumia mswaki wa mti, au dawa ya meno ya kawaida kidogo, uoshe kidevu vizuri ukimaliza. Ngozi ikishapona rudi kwenye floraidi, meno nayo ni yako.

Jua la huku sote twalijua. Sanskrini nyingi ni nzito, kwa hivo wiki za mwanzo ukitoka tumia mwavuli na mtandio. Wanaovaa ninja, vaa cha kitambaa chepesi kisichobana kidevu, kikilowa jasho badilisha, na kifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali kisuuzwe sana.

6. Vuka siku ambazo ngozi inasusa.

Hapa nataka tukae kidogo.

Steroidi inafanya nini? Inaibana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, ndo maana vipele vinapotea ndani ya siku chache na wewe unaona umepona. Lakini ngozi ya uso ni nyembamba, inafyonza dawa kuliko ngozi ya mkono, na kila unavyoendelea inazidi kuwa nyembamba na ule ukuta wake wa juu unalegea. Ukiacha, mishipa iliyobanwa inafunguka yote kwa pamoja, na uvimbe uliozimwa unaamka. Wewe unaona vipele vimezidi, unasema "nilipoacha ndo nikaharibika, kwa hivo dawa ilikuwa nzuri". Kumbe ni deni linalipwa. Krimu ya kwanza ya haidrokotisoni ya kupaka iliripotiwa mwaka 1952, na kufikia 1957 madaktari tayari walikuwa wanaandika habari za vipele hivi, kwa hivo hadithi yake si ya jana.

Wacha nikupe mfano wa wifi yangu wa Malindi, yeye mwenyewe kaniruhusu nieleze bora nisimtaje jina. Ana miaka 27. Alitoka vipele viwili vitatu kando ya pua baada ya mekapu ya harusi, akaenda duka moja akapewa krimu ya mchanganyiko yenye betamethasoni. Siku ya nne uso ukawa safi. Akaacha, wiki moja vikarudi na safari hii mpaka kidevuni. Akapaka tena. Akaenda hivo miezi mitano, tyubu tatu, juu yake akipaka mafuta ya nazi manake ngozi ilikuwa inakauka, na mwisho alipaka mara mbili kwa siku na bado vilikuwa vinatokeza jioni. Kuniambia mimi alikuwa anaona haya, mpaka tulipoonana kwenye msiba.

Aliacha Jumatatu. Tyubu nikaichukua mimi, nikaondoka nayo.

Siku ya kwanza na ya pili, hakuna kitu, akaniambia "mbona rahisi". Siku ya tatu ngozi ikaanza kuvuta kama imepakwa gundi. Siku ya tano kidevu kizima kikaiva. Siku ya nane akanitumia sauti, "Wifi, uso wanichoma kama nimepaka pilipili, mume wangu aniuliza nimekula nini." Siku ya tisa kulikuwa na harusi ya binamu yake huku Shela, alikuwa avuke aje, akanipigia asubuhi: "Nipake leo tu, leo peke yake." Nikamwambia tyubu iko kwangu na hata ukija sikupi. Alinuna kweli. Alikuja harusini kajifunika mtandio mpaka puani na hakupiga picha hata moja, na siku ya kumi ndo ikawa kilele, vipele vyenye usaha nikahesabu zaidi ya thelathini kidevuni peke yake.

Siku ya kumi na mbili hakikuongezeka kipya. Yeye hakuona tofauti, ni picha ndo zilionyesha. Ndo maana nasema pigeni.

Kwa wengi ni hivo, kishindo kinaanza ndani ya siku chache, kinapanda wiki moja au mbili, wengine hata tatu, halafu kinashuka pole pole. Kupaka mara moja tu katikati kunakurudisha siku ya kwanza, kwa hivo hakuna "leo peke yake".

7. Nenda ukaonwe, mapema si mwisho.

Wepesi wanapona kwa kuacha tu, ila wanangoja wiki nyingi, pengine miezi. Waliopaka muda mrefu kama wifi, au wenye vipele vingi vya usaha, wanahitaji dawa na hakuna sababu ya kujikausha. Kwa ngozi, wengi hapa wanaanza hospitali ya kaunti Lamu au ile ya Malindi, wengine wanatumwa Mombasa. Nenda na mfuko wako wa krimu zote, na picha. Mfuko huo unamwambia daktari mambo ambayo wewe utasahau au utaona haya kusema.

Kwa hali ndogo mara nyingi ataandika ya kupaka isiyo steroidi, kama jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75 mara mbili kwa siku, au ya erithromaisini. Kwa hali nzito anaongeza vidonge, sanasana doksisaiklini, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, nyengine zaidi. Wifi alipewa doksi miligramu 100 kwa siku. Inatumika hapa kwa sababu inapunguza uvimbe, si kwa sababu kuna bakteria fulani wa kuuawa, kwa hivo usishangae kuambiwa wiki nyingi wakati ya kifua ni wiki moja.

Doksi ina mashariti yake na dukani mara nyingi mtu haambiwi. Mjamzito hapewi, wala mtoto chini ya miaka 8, hao huandikiwa erithromaisini. Imeze kwa gilasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, ikikwama kooni inachoma. Usimeze na maziwa, na chai ya maziwa ni maziwa, wala na vidonge vya kuongeza damu wala dawa ya kiungulia, achanisha kwa saa mbili tatu. Ukifunga, imeze baada ya futari, si dakika ya mwisho ya daku halafu ukarudi kitandani. Na inafanya ngozi iungue na jua haraka, kwa hivo safari ya mtumbwi saa sita mchana bila kujifunika iache.

Subira yake ni wiki tatu nne kabla hujaona kazi yake vizuri. Usiiache wiki ya pili kwa kuona haifanyi, na usiiache wiki ya nne kwa kuona umepona.

8. Rudisha vitu kimoja kimoja.

Uso ukikaa safi, ngoja wiki kadhaa, kisha rudisha kitu kimoja, ukae nacho wiki mbili, ndo uongeze kingine. Anza na losheni nyepesi isiyo na harufu, au sanskrini ya majimaji. Mekapu iwe mwisho, na faundesheni nzito mi ningeiacha ife. Steroidi usoni usirudishe, hata ya mdudu aliyekuuma, hata ya siku mbili, bila daktari anayejua ulishapitia haya.

Ukikwama

*Ngozi imekauka inapukutika kama magamba ya samaki.* Wiki mbili za mwanzo vumilia, maji na kitambaa tu. Baada ya hapo kama inapasuka, losheni nyepesi isiyo na harufu, tone dogo. Mafuta ya nazi bado hapana. Najua nyanya zetu walipaka maisha yao yote, lakini wao hawakutangulia kupaka betamethasoni.

*Nilipaka limau, na dawa ya meno, na nikasaga vidonge vya metronidazoli nikachanganya na maji.* Osha, acha. Vidonge vya kumeza vikisagwa si jeli, vina chenga na vitu vya kushikanisha, vinakuchubua tu. Limau na jua la Malindi kwa pamoja litakuachia baka jeusi.

*Wiki tatu nimeacha, bado vinazidi.* Kwanza rudi kwenye lebo, mara nyingi kuna kitu kimebaki: krimu ya mume, losheni ya mikono, mafuta ya midomo, dawa ya puani. Kama kweli hakuna, usingoje, nenda hospitali, pengine ni choa au kitu kingine. Choa kilichopakwa steroidi hupoteza ile duara yake, na bila kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini ni vigumu hata kwa aliyesoma.

*Vimefika kwenye macho.* Inatokea, ni ugonjwa huo huo. Lakini kama jicho lenyewe linauma, limekuwa jekundu au unaona ukungu, siku hiyo hiyo ukaonwe. Vivo hivo ukipata homa, au uso ukivimba upande mmoja na kuwa wa moto.

*Mtoto wangu anavyo.* Watoto wanapata, na mara nyingi ni krimu ya nyumbani au barakoa ya pumu. Usimpe dawa zako, mpeleke.

*Vilipona, miezi sita vimerudi.* Vinaweza kurudi hata bila kosa lako. Usiende dukani, acha tena kila kitu siku ya kwanza unayoviona, ukiwahi hivo kishindo ni kidogo sana kuliko kile cha kuacha steroidi.

*Vipele vimeisha ila nimebaki na madoa meusi.* Hayo ni kivuli cha uvimbe, kwa ngozi zetu yanachukua miezi kufifia na yanafifia yenyewe ukijikinga na jua. Wifi alikuwa hana kipele kipya wiki ya nne, wiki ya saba amebaki navyo vichache kando ya pua, wiki ya kumi na moja hakuna hata kimoja, lakini madoa yalikaa mpaka kusi ikaingia ikatoka. Mtu akamshauri krimu ya kuondoa madoa. Akanitumia picha ya nyuma ya tyubu kabla hajaifungua, nikaikuza nikasoma, mstari wa pili: klobetasoli.